Bisi za sufuria: maswali ninayoulizwa kuhusu moto, punje tatu na wakati wa kuepua

Nakaa Ngamiani, Tanga, na jioni nyingi napika bisi: za watoto wa nyumbani kwanza, kisha vifurushi vichache vya kuuza hapo kibarazani. Watu huniuliza mambo yaleyale, tena karibu wote huanza na lalamiko moja: "Zangu nusu zinaungua na nusu hazijaruka." Majibu yangu haya hapa. Nazungumzia sufuria na jiko la kawaida tu, si mashine.

Kwa nini unaanza na punje tatu? Kwa nini usimwage mahindi yote mara moja?

Kwa sababu jikoni sina kipimajoto, na punje ya bisi ni kipimajoto kizuri kuliko macho yangu. Punje huruka ikifika joto la nyuzi 180 hivi za selsiasi. Ukiziona zimeruka, umeambiwa mafuta yamefika hapo. Mafuta yenyewe hayakwambii kitu: ya nyuzi 120 na ya nyuzi 180 yanafanana ukiyatazama, na ukisubiri mpaka yatoe moshi umeshachelewa.

Moja haitoshi. Punje moja inaweza kuwa na ufa, ikakaa humo mpaka iwe nyeusi bila kuruka, nawe unasubiri tu huku mafuta yanaungua. Au ikawa imegusa sehemu yenye moto mkali katikati ya sufuria ikaruka mapema, ukadhani mafuta yote yako tayari. Kumi nazo ni nyingi: zikiruka mafuta bado ni mengi na wazi, yanarusha matone, halafu bisi hizo kumi zinabaki chini zikiungua wakati unatia nyingine. Tatu zinatosha. Naziweka mbalimbali, moja katikati na mbili pembeni. Ya kwanza ikiruka najiandaa, na zikifika mbili au zote tatu naendelea.

Zikiruka zote tatu, mbona unaepua sufuria? Si ndiyo wakati wa kumwaga mahindi?

Hapa ndipo pana siri ya kazi yote, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

Ndani ya punje kuna wanga mgumu na maji kidogo, na nje kuna ganda gumu lisilopitisha mvuke kirahisi. Punje ikipata moto, yale maji yanageuka mvuke uliofungiwa, na wanga unalainika kama uji mzito. Mgandamizo unapanda mpaka unafikia mara tisa hivi ya ule wa hewa tunayovuta. Ganda linashindwa, linapasuka, na wanga unafumuka na kukauka papo hapo. Bisi unayokula ni ule wanga uliogeuka nje ndani.

Sasa fikiria umemwaga mahindi mabaridi kwenye mafuta ya nyuzi 180 na moto bado uko chini. Zilizoangukia katikati zinapata joto kwanza na kuruka. Zilizo juu yake au pembeni bado za vuguvugu. Unasubiri hizo za pili, na huku bisi za kwanza zimelala kwenye chuma cha moto zinageuka rangi. Ndiyo ile "nusu zimeungua, nusu hazijaruka."

Ukiepua, ukatia mahindi yote, ukafunika na kutikisa kwa sekunde 30, mafuta yanapoa kidogo na punje zote zinapata joto pamoja, chini kidogo ya lile la kuruka. Ukirudisha sufuria motoni zote ziko mlangoni. Zinaruka karibu wakati mmoja, na kazi inakwisha kabla ya kitu chochote kuungua. Watu hukata kona hapa, wakadhani sekunde 30 ni kupoteza muda, lakini zinaokoa zaidi ya hizo mwishoni.

Nitajuaje moto wangu ni mkubwa mno au mdogo mno?

Zitazame zile tatu. Kwa sufuria yangu, kwenye moto wa wastani, huchukua kati ya dakika moja na nusu na dakika mbili na nusu tangu ninapoinjika. Zikiruka ndani ya nusu dakika, moto ni mkali: nje ya punje inapasuka kabla wanga wa ndani haujalainika, na unapata bisi ndogo zenye kiini kigumu. Zikipita dakika nne bila dalili, moto ni hafifu. Moto hafifu una hasara yake, maana kila punje ina ile ncha iliyoshikana na gunzi, na pale ndipo mvuke hupata upenyo. Ukiichemsha polepole mno, maji yanatoka kidogo kidogo kupitia hapo, na mwishowe hakuna mgandamizo wa kupasua ganda. Punje inakuwa kahawia na kutulia. Ukitoa punje ya majaribio iliyobadilika rangi na haikuruka, ongeza moto, mwaga hizo tatu, weka nyingine tatu.

Kwenye jiko dogo la gesi, lile linalokaa juu ya mtungi, ulimi wa moto unapiga katikati tu. Sufuria nyembamba ya alumini hapo inakuwa na doa la moto mkali katikati na pembeni baridi. Tumia iliyo nzito kuliko zote ulizonazo, na uizungushe robo mzunguko kila baada ya muda mfupi.

Kwenye mkaa ni habari nyingine. Mkaa hauna swichi. Mimi nasubiri makaa yashike yote na yaanze kuvaa majivu meupe, kisha natandaza yawe sawa na kufunga mlango wa jiko nusu. Makaa mekundu yenye miali ni ya kuchemsha maharage. Kingine: jiko la mkaa linaendelea kukupa joto lilelile hata bisi zinapopungua, kwa hiyo kuepua lazima kuwe mapema kuliko kwenye gesi. Nitarudi hapo.

Vipimo ni vipi?

Nusu kikombe cha chai cha mahindi ya bisi, ambayo ni gramu 100 hivi, kwa vijiko vitatu vya chakula vya mafuta, kwenye sufuria ya lita 4 au 5. Ukubwa wa sufuria una sababu mbili. Mahindi yalale chini safu moja, kila punje iguse mafuta. Na bisi zipate mahali pa kwenda, kwa maana nusu kikombe hicho kinaweza kujaza lita tatu na nusu. Ukitaka nyingi, pika mara mbili. Kikombe kizima kwenye sufuria hiyohiyo kitainua mfuniko, na bisi utaziokota chini ya kabati.

Nifunike kabisa au niache wazi?

Funika, lakini acha upenyo mdogo upande ulio mbali nawe.

Mahindi mazuri ya bisi yana unyevu wa asilimia 14 hivi. Kwenye gramu 100 hiyo ni gramu 14 za maji, karibu kijiko kimoja cha chakula. Maji hayo yote yanataka kutoka wakati punje zinapasuka, na kama mfuniko umebana yanagonga juu, yanageuka matone, na yanadondokea bisi zako. Unapata bisi za kutafuna kama sponji. Mtu akiniambia bisi zake zimelegea kabla hata hazijapoa, simuulizi kuhusu mahindi, namuuliza kuhusu mfuniko.

Upenyo uwe wa upana wa kidole kimoja au pungufu. Na ukifunua, funua kwa kuelekeza mfuniko mbali na uso. Mvuke ule unachoma vibaya kuliko unavyoonekana.

Niepue lini hasa?

Swali hili ndilo naulizwa zaidi, na jibu si dakika, ni masikio. Zitaanza moja moja, kisha zitakuwa mvua ya mawe juu ya bati, huwezi kuhesabu. Halafu zinapungua. Hapo ndipo uache maongezi na usikilize nafasi kati ya mlio mmoja na mwingine.

Mimi huhesabu kwa majina ya miji ya njia ya kutoka Tanga kwenda bara: Muheza, Korogwe, Mombo. Kila jina ukilitamka bila haraka ni sekunde moja hivi. Baada ya kila mlio naanza upya. Kama sijafika Korogwe na nyingine imelia, naacha motoni. Nikimaliza kutamka Korogwe kukiwa kimya, naepua. Mombo sifiki. Ukifika Mombo, bisi za chini zimeshaanza kupata harufu.

Kwenye mkaa au sufuria nzito sana naepua mapema zaidi, nikimaliza tu Muheza, kwa sababu chuma na makaa yana joto la akiba. Hata ukishaepua utasikia nne au tano zikiruka zenyewe. Hizo umezipata bure.

Mjukuu wa jirani yangu, mtoto wa darasa la tano, alikuja kujifunza. Akawa anataka zote ziishe.

"Bibi, bado zinaruka!"

"Ngapi, mjukuu wangu?"

"Moja... eeh, na nyingine."

"Umefika mji gani?"

"Mombo."

"Basi umenilisha makaa. Epua."

Akamimina kwenye sinia. Juu zilikuwa nyeupe, chini kulikuwa na kama konzi moja ya bisi kahawia, chungu. Alikuwa amesubiri punje sita au saba zaidi, akapoteza konzi nzima.

Na ukishaepua, mimina mara moja. Usiache bisi ndani ya sufuria ya moto huku unatafuta chumvi. Sinia pana au beseni iwe tayari pembeni kabla hujaanza, tena iwe kavu.

Nipe mfano wa kupika mara moja, kwa saa.

Jumamosi iliyopita, jiko la gesi, sufuria nzito ya alumini, mafuta ya alizeti yaliyosafishwa, moto wa wastani. Nilitia vijiko vitatu vya mafuta na punje tatu, nikafunika. Ya kwanza ililia ikipata dakika moja na sekunde 40. Ya pili na ya tatu zilifuatana kabla dakika ya pili haijaisha. Nikaepua, nikatoa zile bisi tatu kwa kijiko (nikala, ndiyo mshahara), nikatia nusu kikombe cha mahindi na chumvi kidogo ya unga, nikafunika na kutikisa taratibu nikihesabu hadi 30.

Nikainjika tena. Kwa sekunde 40 hivi kimya, mafuta yanasikika tu yakichirizika. Hapa wengi hupatwa na wasiwasi na kuongeza moto. Usiongeze. Kisha moja, tatu, halafu mvua. Natikisa sufuria mbele na nyuma, bila kuinyanyua, ili zilizokataa zishuke chini na zilizoruka zipande juu. Mvua ilidumu kama dakika moja. Baada ya hapo nikaanza miji yangu, na nikamaliza Korogwe kimya ikiwa imepita dakika mbili na kitu tangu niliporudisha. Nikaepua, nikasogeza mfuniko kuachia mvuke, nikamimina. Zilizobaki bila kuruka zilikuwa 19, hakuna hata moja nyeusi. Mimi zikiwa chini ya 30 kwa nusu kikombe siulizi.

Mafuta gani? Ya nazi yanafaa?

Yanafaa yoyote yanayovumilia joto la kuruka bila kutoa moshi. Alizeti iliyosafishwa, ya mawese yaliyosafishwa, au samli, zote hazina shida. Samli inanukia vizuri sana. Mafuta ya nazi yaliyosafishwa ni mazuri mno kwa bisi, na yale ya kukamua nyumbani yana harufu ya kupendeza lakini huanza kutoa moshi karibu na joto lilelile la kuruka, kwa hiyo huna nafasi ya kukosea. Nayachanganya nusu kwa nusu na alizeti.

Alizeti ghafi, ile ya mashine ya mtaani isiyosafishwa, siipendi kwa kazi hii. Inatoa povu na moshi mapema. Siagi na majarini usianzie nazo: zina maji, na ile siagi ina chembe za maziwa zinazoungua kabla punje hazijaruka. Yeyusha umwagie mwishoni.

Nimefuata yote, lakini nusu ya punje hazijaruka. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea, mahindi yamekauka. Mwaka jana niliuziwa kilo mbili sokoni, punje nzuri za kung'aa. Zile tatu za majaribio zilikaa dakika tatu, mbili zikawa kahawia, moja ikapasuka kidogo kama mtu anayetabasamu kwa upande mmoja. Nikabadilisha moto, nikabadilisha mafuta, hali ileile. Unyevu ulikuwa umekwisha, pengine yalianikwa juani kupita kiasi.

Sikuyatupa. Nilichukua vikombe vinne vya mahindi hayo, nikatia kwenye chupa kubwa yenye kifuniko kinachobana, nikaongeza kijiko kimoja cha chakula cha maji, nikafunga na kutikisa. Mara mbili kwa siku nilitikisa tena. Siku ya nne nikajaribu punje tatu: zote ziliruka, kubwa. Usiongeze maji zaidi ya hapo kwa pupa, na usifanye hivi kwa mahindi yanayonuka ukungu, hayo tupa.

Punje zenye nyufa au zilizovunjika hazitibiki, kwa sababu mvuke unatoka kwenye ufa. Vivyo hivyo zile zilizobaki chini ya sinia. Kuzirudisha kwenye mafuta ni kupoteza mafuta.

Zangu zinaruka, lakini ni ndogo na ngumu kutafuna.

Kama moto haukuwa mkali, basi ni kinyume cha swali lililotangulia: mahindi yana unyevu mwingi. Huku pwani hilo ni la kawaida, hasa msimu wa masika, ukiacha mfuko wazi jikoni. Punje hunywa unyevu wa hewa. Ganda linapasuka mapema na wanga haufumuki vizuri. Tandaza kwenye sinia, anika juani saa moja au mbili, acha zipoe, jaribu tatu. Rudia mpaka zile tatu zikuridhishe, kisha funga kwenye chupa. Usianike siku nzima, utajikuta umerudi kwenye tatizo la kilo zangu mbili.

Chumvi na sukari natia wakati gani?

Chumvi ya unga naitia pamoja na mahindi wakati wa zile sekunde 30, inashika vizuri. Ya mawe mawe inabaki chini tu. Sukari ni ngumu zaidi: inayeyuka na kuungua karibu na joto lilelile la kuruka. Vijiko viwili vya chakula kwa nusu kikombe, tia pamoja na mahindi, kamwe si pamoja na punje za majaribio, kisha tikisa bila kupumzika na uepue ukimaliza Muheza. Iliyoyeyuka inachoma na kung'ang'ania ngozi, kwa hiyo watoto wakae mbali mpaka zipoe.

Mahindi ya kawaida ya unga yanaweza?

Machache yatapasuka, mengi yatakaangika tu. Ganda lake halishiki mvuke kama la mahindi ya bisi. Yakaange kama mahindi ya kukaanga, ni tamu vilevile, lakini si bisi.

Bisi zimelala hadi kesho yake, zimelegea. Zinarudi?

Zinarudi. Hewa ya Tanga inazilegeza kwa saa chache zikiachwa wazi, ndiyo maana za kuuza nafunga zikishapoa kabisa. Ukifunga za moto, mvuke unabaki ndani. Zilizolegea zitie kwenye sufuria kavu, bila mafuta, moto mdogo, ukigeuza kwa mwiko dakika mbili au tatu. Zitakuwa laini zikiwa bado za moto na kukauka zinapopoa, kwa hiyo usizihukumu zikiwa sufuriani.

Mafuta yakianza moshi kabla punje tatu hazijaruka?

Zima gesi, funika, acha yapoe palepale. Usibebe sufuria kuzunguka nayo jikoni, na yakishika moto usimwage maji hata tone: yanageuka mvuke kwa kishindo na kurusha mafuta yanayowaka. Mfuniko unatosha kuuzima moto kwa kuunyima hewa, na usifunue mpaka sufuria ipoe. Mafuta hayo ukishayazima usipikie tena, bisi zake huwa na uchungu. Futa sufuria, tia mengine, anza upya na punje tatu.